Akivunja Mkataba, Tutamdai Kiasi Gani?

(Maelezo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika mitaa ya Eastlands, Nairobi)

 

Katika kazi yangu ya kutembelea vikundi kutoka Kayole hadi Kariobangi, swali moja huletwa mezani mara kwa mara. Kikundi kimeagiza bidhaa, kimelipa amana, na muuzaji hakuleta. Wanachama wamekasirika na wanataka kwenda kushtaki. Lakini nikiuliza, "Mnamdai pesa ngapi?", kila mtu ana hesabu yake. Mmoja anasema elfu thelathini. Mwingine anasema laki mbili, kwa sababu anahesabu hata usingizi aliokosa. Leo sitazungumza juu ya nani amekosa. Tuseme tayari tunajua muuzaji amevunja mkataba. Tutazame jambo moja tu: fidia inapimwa vipi.

Msingi wake ni mwepisi kuelewa. Fidia si adhabu. Ni pesa za kumweka aliyeumizwa mahali ambapo angekuwa kama mkataba ungetimizwa. Asibaki chini ya hapo, na pia asitajirike kwa kosa la mwenzake. Kutokana na hapo kuna maswali matatu ambayo hakimu atawauliza, na ninyi afadhali mjiulize kwanza. Hasara hii imetokana na kosa la muuzaji? Muuzaji angeweza kuiona mbele wakati mlipopatana? Na ninyi wenyewe mlifanya nini kuipunguza? Hasara ikianguka katika swali moja, mtaibeba ninyi.

HESABU YA MAHARAGWE

Tuchukue mfano. Bei ni za mfano tu, kwa hiyo msiende nazo sokoni! Kikundi cha kina mama wa Kayole hupika githeri na kuwauzia mafundi wa mjengo. Gunia moja la maharagwe, kilo 90, huwatosha siku tatu. Wanapatana na mfanyabiashara wa nafaka pale Nyamakima awaletee magunia 10 ya maharagwe ya nyayo kwa shilingi 9,000 kila gunia, mzigo ufike mlangoni Kayole tarehe 15 Januari. Jumla ni shilingi 90,000. Wanatuma amana ya 30,000 kwa M-Pesa.

Tarehe 15 inafika, gari haionekani. Simu haishikwi. Tarehe 17 wanapata habari kwamba maharagwe yamepanda na mzigo wao ameuziwa mtu mwingine. Bei ya Nyamakima sasa ni 10,500 kwa gunia.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, ina kifungu cha 51 juu ya muuzaji asiyeleta bidhaa. Kinasema kwamba kama bidhaa hiyo ina soko, yaani inapatikana kwa wauzaji wengine, fidia kwa kawaida ni tofauti kati ya bei mliyopatana na bei ya soko siku ile mzigo ulipopaswa kufika. Shikeni hilo neno "siku ile". Si bei ya siku mnayokwenda mahakamani, wala si bei ya juu kabisa iliyofikiwa mwaka ule. Kama bei ya siku ile ingekuwa imeshuka hadi 8,500, kina mama wangerudishiwa amana yao, lakini fidia ya tofauti ya bei isingekuwepo, kwa sababu wangenunua kwingine kwa bei nafuu.

Sasa tuone walivyofanya. Katika zile siku tatu za kungoja walinunua maharagwe kwa gorogoro dukani ili sufuria isizime. Gorogoro 45 kwa shilingi 270 zinakuja 12,150. Hizo ni kilo 90, gunia moja. Tarehe 18 wakaenda Nyamakima wakanunua magunia tisa yaliyobaki kwa 10,500, yaani 94,500, na wakakodi pikapu hadi Kayole kwa 3,000.

Jumlisheni pamoja nami. 12,150 na 94,500 na 3,000 ni 109,650. Kama mkataba ungetimizwa, wangetumia 90,000 tu, na usafiri ungekuwa ndani yake. Tofauti ni 19,650. Hiyo ndiyo hasara yao. Ukiongeza amana ya 30,000 ambayo bado iko mfukoni mwa muuzaji, dai lao ni 49,650. Pikapu imeingia kwa sababu bei ya kwanza ilikuwa ya kuletewa mlangoni. Kama walikuwa wamepatana kuchukua mzigo wenyewe, wangelipa pikapu hata muuzaji angekuwa mwaminifu, na hiyo 3,000 ingetoka katika dai.

Hii njia ya kuweka vitu viwili kando kwa kando, "tulivyotumia" na "ambavyo tungetumia", ndiyo kinga yenu dhidi ya kosa la kuhesabu mara mbili. Nimeona kikundi kikidai amana, kisha bei yote ya mzigo mpya, kisha tofauti ya bei juu yake. Hakimu akiona hivyo, hata dai la haki huanza kunuka.

UKINGOJA, UNANGOJA KWA MFUKO WAKO

Tuseme kina mama hawakwenda Nyamakima tarehe 18. Walisema, "Huyu lazima alete, tumemlipa." Wakakaa hadi mwisho wa Februari, bei ikafika 12,500, ndipo wakanunua yale magunia tisa. Je, watalipwa ile 2,000 zaidi kwa kila gunia, jumla 18,000? Hapana. Tayari walijua tarehe 17 kwamba mzigo umeuzwa, na soko lilikuwa wazi. Hasara iliyoongezeka baada ya hapo imetokana na kungoja kwao.

Hili ndilo wanasheria huita wajibu wa kupunguza hasara. Aliyeumizwa hapaswi kukaa akitazama jeraha likioza ili alipwe zaidi. Lakini msiogope neno "wajibu". Hamtakiwi kufanya miujiza. Mnatakiwa kufanya lile ambalo mtu mwenye busara angefanya akiwa katika hali yenu na kwa uwezo wenu. Hamtakiwi kukopa kwa riba ya kuwaua ili kumwokolea muuzaji pesa zake. Kama hamkuweza kununua upesi kwa sababu amana yenu ilikuwa kwake na sanduku la kikundi lilikuwa tupu, semeni hivyo na muonyeshe kitabu cha mweka hazina.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo yako upande wenu. La kwanza, gharama za busara za kujaribu kupunguza hasara mnaweza kuzidai, hata kama jaribio halikufaulu. Nauli ya kwenda kutafuta maharagwe Nyamakima ni dai halali, bora muwe mmeiandika. La pili, anayesema kwamba mlizembea ndiye anayepaswa kuthibitisha. Si kazi yenu kuthibitisha kwamba hamkuzembea. Hata hivyo, kuweka kumbukumbu za mlivyohangaika ni silaha nzuri.

Sasa linakuja jambo gumu kwetu sisi wanadamu. Mara nyingine anayeweza kutupunguzia hasara ni yule yule aliyetukosea. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1919 kati ya Payzu na Saunders. Muuzaji wa hariri alikuwa amekubali kuleta mzigo kidogo kidogo na kulipwa baadaye. Mnunuzi alipochelewesha malipo ya kwanza, muuzaji akakataa kuendelea kumkopesha, lakini akasema yuko tayari kumuuzia kwa bei ile ile kwa pesa taslimu. Mahakama ilisema muuzaji alikosa kubadilisha masharti. Lakini mnunuzi alikataa toleo lile, na bei ya hariri ikapanda. Alipodai tofauti ya bei hakuipata, kwa sababu angeweza kupata hariri ile ile kwa bei ile ile kama angelipa taslimu. Alipata tu fidia ya kukosa muda wa kulipa.

Wahenga wetu waliyafupisha hayo kwa maneno mawili: hasira hasara. Turudi Kayole. Kama yule mfanyabiashara angepiga simu tarehe 16 na kusema, "Samahani mama, nina magunia sita leo kwa bei yetu, mengine sina," basi kukataa yale sita kwa uchungu kungewagharimu. Chukueni sita, andikeni kwamba mmepokea sita bila kusamehe manne, na mdai tofauti ya yale manne. Lakini ikiwa anawaambia, "Chukueni haya sita, na mtie sahihi kwamba hamnidai kitu," hilo ni toleo la namna nyingine. Hamlazimiki kuuza haki yenu ili kupunguza hasara yake.

TANURI LILILOCHELEWA

Maharagwe yako kila mahali. Ndiyo maana kwa bidhaa ya namna hiyo ni vigumu sana kulipwa faida uliyokosa. Ukisema, "Nilikosa tenda ya chakula cha semina," muuzaji atakuuliza, "Kwa nini hukukimbia Nyamakima asubuhi ile?" Swali la faida iliyopotea huwa zito zaidi pale bidhaa haina mbadala wa haraka. Hapo ndipo tunafika kwenye hasara ya karibu na hasara ya mbali.

Tuchukue kikundi cha vijana wa Dandora wanaotaka kuoka mkate. Wanaagiza tanuri kwa fundi wa Kariobangi Light Industries. Fundi anajua ni la kuanzishia biashara ya mkate, na amekubali kulikabidhi tarehe mosi. Analikabidhi akiwa amechelewa siku 30 za kazi. Vijana wanadai faida ya siku hizo. Je, wanaweza?

Kesi ya zamani inayotajwa kila mahali ni ya mwaka 1854, ya Hadley na Baxendale. Ilihusu kinu cha kusaga nafaka huko Gloucester, Uingereza, kama poshomili zetu tu. Chuma kikuu cha kuzungusha mashine kilivunjika, na wenye kinu wakampa msafirishaji akipeleke kwa wahandisi ili kitumike kama kielelezo cha kutengenezea kingine. Msafirishaji alichelewa siku kadhaa, na kinu kikasimama. Wenye kinu wakadai faida. Mahakama ikasema hasara ya kulipwa ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ile inayotokea kwa kawaida, ambayo mtu yeyote angeitarajia. Ya pili ni ile ya pekee, ambayo pande zote mbili ziliifikiria wakati wa kupatana, kwa sababu iliambiwa wazi. Msafirishaji hakuwa ameambiwa kwamba bila kile chuma kinu kizima kitasimama. Huenda walikuwa na kingine akibani. Kwa hiyo faida ile ilikuwa hasara ya mbali, na hawakustahili kulipwa.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inasema kwamba misingi ya mikataba ya Uingereza hutumika Kenya pale sheria zetu wenyewe hazikusema vingine. Ndiyo maana kinu cha Gloucester bado kinasaga katika mahakama zetu.

Kesi ya pili inafanana zaidi na tanuri letu. Kampuni ya kufua nguo iitwayo Victoria Laundry iliagiza boila kubwa ili kupanua kazi. Ilipaswa kufika Juni 1946, ikafika Novemba. Wauzaji walijua ni kampuni ya kufua na inataka kuanza kazi upesi. Kampuni ikadai faida za namna mbili: pauni 16 kwa wiki za wateja wapya wa kawaida, na pauni 262 kwa wiki za kandarasi nono za serikali za kutia nguo rangi. Mwaka 1949 mahakama ya rufani ilisema faida ya kawaida ya biashara ya namna ile inaweza kulipwa, kwa sababu kila mtu angejua boila ikichelewa kazi inachelewa. Lakini zile kandarasi nono wauzaji hawakuwa na habari nazo. Kiwango chake chote hakiwezi kubandikwa juu yao.

Basi vijana wa Dandora wapige hesabu hivi. Kwanza, faida si mauzo. Mkate wa kuuzwa 3,000 kwa siku hula unga, mafuta, sukari, hamira na makaa ya 2,200. Kinachobaki ni 800, na hicho ndicho cha kudai. Pili, je, walipunguza hasara? Tuseme kwa siku sita walihangaika kutafuta, kisha wakakodi tanuri la jirani kwa 300 kwa siku katika zile siku 24 zilizobaki, wakaoka mkate ule ule. Siku sita za kwanza walipoteza 800 kila siku, jumla 4,800. Siku 24 walipoteza ile kodi ya 300 tu, jumla 7,200. Dai lao ni 12,000, siyo 24,000. Wala wasione wamepunjwa. Zile 500 za kila siku waliyooka kwa jirani tayari ziko mfukoni mwao.

Lakini mmoja wa vijana anasimama na kusema, "Na ile hoteli ya mjini iliyotuahidi oda ya faida ya 2,000 kila siku?" Fundi aliambiwa? Hapana. Basi hiyo ni hasara ya mbali. Kama wangemwandikia wakati wa kuagiza, "Tuna oda ya hoteli kuanzia tarehe mosi, tusipopata tanuri siku hiyo tutaipoteza," hali ingekuwa nyingine. Kumwambia baadaye, tayari amechelewa, hakusaidii. Fundi lazima ajue mzigo anaoubeba kabla ya kukubali bei yake. Pengine angetaka bei ya juu, au angesema ukweli kwamba hawezi.

IKIWA NINYI NDIO WAUZAJI

Sheria hukata pande zote mbili. Kikundi cha Umoja kinafuma sweta 60 za shule ya chekechea kwa 700 kila moja, jumla 42,000. Siku ya kuzipeleka, mwenye shule anakataa bila sababu. Kifungu cha 50 cha sheria ile ile kinageuza kipimo: tofauti kati ya bei mliyopatana na bei ya soko siku alipopaswa kupokea. Na wajibu wa kupunguza hasara sasa uko kwenu. Toeni beji, hata kama fundi atataka shilingi 20 kwa kila sweta, na mtafute mnunuzi. Mkiziuza kwa 500 kila moja mtapata 30,000. Hasara ni 12,000 ya bei na 1,200 ya kutoa beji, jumla 13,200. Mkizifungia stoo hadi panya wazimalize, hamtalipwa 42,000 kwa sababu ya panya.

UCHUNGU WA MOYO NA KARATASI

Najua wengi mngetaka kuweka mstari mmoja mwishoni: "usumbufu na uchungu, shilingi laki moja." Mahakama zetu zimerudia kusema kwamba kwa kuvunja mkataba, fidia ya jumla ya namna hiyo kwa kawaida haitolewi. Kesi ya Dharamshi na Karsan ya mwaka 1974 ndiyo hutajwa. Kinacholipwa ni hasara inayohesabika. Na mwaka 1985, katika kesi ya Hahn na Singh, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema hasara ya namna hiyo lazima itajwe wazi katika dai na ithibitishwe barabara. Huwezi kutupa tarakimu mezani na kumwambia hakimu, "Hiyo ndiyo hasara yangu, nipe."

Kwa yule mama wa gorogoro, uthibitisho ni nini? Ni ujumbe wa M-Pesa wa amana, risiti au noti ya mkono ya muuzaji mpya, stakabadhi ya pikapu, na daftari la kikundi lililoandikwa siku ile ile. Bei ya soko ya tarehe 15 ni rahisi kuithibitisha mkienda siku hiyo au kesho yake na kupewa bei kwa maandishi na wauzaji wawili. Baada ya miezi mitano kila mtu amesahau.

Na mkataba wenyewe? Kifungu cha 6 cha Sura ya 31 kinasema mapatano ya bidhaa za shilingi 200 au zaidi hayawezi kushitakiwa ila kama kuna maandishi yaliyotiwa sahihi, au mnunuzi amelipa sehemu, au amepokea sehemu ya mzigo. Kwa hiyo ile amana, na ujumbe wake wa M-Pesa, vina kazi kubwa kuliko mnavyodhani.

Kabla ya mahakama, anzeni ana kwa ana, kama Mathayo sura ya 18 inavyotufundisha, kisha kwa mashahidi wawili au watatu. Mpeni hesabu yenu iliyoandikwa na siku 14 za kulipa. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai ya bidhaa na huduma yasiyozidi shilingi milioni moja. Mnaweza kujieleza wenyewe bila wakili, kwa Kiswahili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Msilale. Dai la mkataba hufa baada ya miaka sita.

SENTENSI MOJA YA KUANDIKA

Mkirudi kwenye vikundi, ongezeni sentensi hii katika kila oda kubwa, juu ya sahihi: "Muuzaji ameelezwa kwamba bidhaa hii ni ya ........, itatumika kuanzia tarehe ........, na kwamba ikichelewa kikundi kitapoteza ........ ." Jazeni ukweli, si vitisho. Sentensi hiyo ndiyo inayoivuta hasara ya mbali iwe karibu. Nayo haifuti wajibu wenu wa kupunguza hasara. Akichelewa, siku mnayojua hataleta ndiyo siku ya kuanza kutafuta kwingine na kuandika kila shilingi.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Chukueni oda moja ya kikundi chenu ya mwaka huu. Kama mzigo usingefika, mngethibitisha vipi bei ya soko ya siku ile?

2. Muuzaji alipaswa kuleta kreti 20 za mayai kwa 350 kila kreti. Hakuleta. Siku hiyo bei ya soko ilikuwa 400. Kikundi kilinunua wiki tatu baadaye kwa 450. Kitadai kiasi gani, na kwa nini?

3. Katika biashara yenu, ni bidhaa gani ambayo haina mbadala wa haraka? Je, anayewaletea anajua mtapoteza nini akichelewa?